Subiri Kwanza, Usifute

Wifi yangu ni fundi simu, na mtaa mzima unamwita Subiri. Mpelekee simu aifute irudi kama ilivyotoka kiwandani, hata ukiwa na haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni, atakwambia, "Subiri kwanza," kisha aanze maswali. Wengine humwona msumbufu, wakaenda zao kwa jamaa wa kona anayefuta kwanza na kuuliza baadaye. Mimi hushona nguo ndani ya chumba hichohicho, hatua tatu kutoka meza yake, kwa hiyo maswali yake nimeyakariri kuliko vipimo vya wateja wangu.

Siku hiyo aliingia dereva wa lori la mchanga, saa saba kasoro robo mchana, plasta kubwa kwenye paji la uso. Aliweka simu mezani. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena.

"Dada, ifute yote. Simu ni ya kampuni, na bosi anaitaka saa nane ikiwa safi. Tena fundi wa kona kasema ikifutwa, hata huku kujizima kutakwisha."

"Subiri kwanza. Vitu vyako umevihamisha?"

"Picha, namba, kila kitu kina nakala. Meseji nikiingia na namba yangu kwenye simu nyingine zitarudi zenyewe, kama siku zote."

"Hamna chati yenye kufuli? Ile ya siri?"

Dereva alijikuna shingo. "Ipo moja, ya bosi. Alitaka tuongelee huko. Alisema ofisini kuna umbea."

Wifi aliondoa mkono juu ya simu. "Hiyo hairudi, kaka."

"Hairudi vipi? Si nimekwambia nina nakala?"

"Nakala haikuibeba. Chati za kawaida zinatunzwa kwenye mitambo ya wenye programu, ndiyo maana ukiingia popote unazikuta. Ya siri iko ndani ya simu hii na ndani ya simu ya bosi wako, basi. Ukifuta simu, ukiondoa programu, hata ukitoka tu kwenye akaunti, umeizika."

Dereva aliketi kwenye benchi langu, juu ya gauni la mtu, na sikuwa na moyo wa kumwinua. Alieleza kwa sauti ya chini. Breki za lori zilianza kuleta shida mwezi uliopita. Alimwandikia bosi mara tatu, na mara tatu akajibiwa aendelee na safari. Wiki iliyopita lori liliparamia ukuta mteremkoni. Yeye alipona na mchubuko, lakini utingo wake yuko hospitali, nyonga imevunjika. Kesho asubuhi kuna kikao, na kampuni inasema dereva hakuripoti chochote.

"Kesho nilikuwa niwaonyeshe hizo meseji kwenye simu yangu mpya," alisema. "Ndiyo ngao niliyonayo. Bila hizo mimi ndiye niliyemvunja yule kijana."

Nilikasirika. Bosi alijua fika alichokuwa akikiomba aliposema "ikiwa safi". Watu wengine hukuchimbia shimo, kisha wakutume wewe ukalete jembe.

Wifi hakupoteza muda kukasirika. Simu ilipowaka akaweka hali ya ndege, akahakikisha na waifai imezimwa, akachomoa laini. "Bosi akiifuta chati kwake, na huku inafutika, mradi simu hii iguse mtandao. Sasa haigusi." Ikazima tena mikononi mwake. Akapasha joto mgongo wa simu, akaufungua taratibu. Betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Ona. Kufuta kusingetibu kitu. Ungepoteza meseji na ugonjwa ungebaki."

Alitoa betri, akaunganisha nyaya za mtambo wake mdogo wa umeme unaoshika nafasi ya betri, akabonyeza. Nembo ikatokea, ikakaa hapohapo. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Dereva alikuwa amekaza taya. Mimi nilikuwa nimeacha cherehani na sikumbuki niliiacha saa ngapi.

Lazima niseme kwa nini. Miaka minne iliyopita mume wangu, kaka yake Subiri, alikuwa mgonjwa mbali na nyumbani, na yale asiyotaka watoto wasome aliniandikia kwenye chati ya siri. Alifariki, na simu yake ikapotea hukohuko. Yangu ilikuwa inaganda. Nikampa wifi, nikamwambia, "Ifute tu, nina nakala." Akaifuta. Usiku wa kwanza nilipoingia nikakuta kila mtu yumo, hata muuza mkaa, isipokuwa yeye. Nilikaa miezi mitatu bila kumsalimia wifi yangu.

Simu ikafunguka. Dereva akaweka namba ya siri, akafungua chati. Zote zilikuwapo.

"Hukuweka muda wa kujifuta?" wifi aliuliza.

"Hatukuweka."

"Afadhali. Usipige picha ya skrini, programu inaweza kukataa, na nyingine humjulisha mwenzako. Wifi, chukua simu yako. Mkono wako hautikisiki."

Nikapiga. Kwanza jina na namba ya bosi, kisha kila meseji na tarehe yake. Halafu nikarekodi video dereva akiishusha chati polepole tangu juu, bila kuruka. Palikuwa na ujumbe mmoja wa sauti. Tuliucheza, simu yangu ikiurekodi: "Wewe endesha. Breki tutaziangalia wiki ijayo, mteja hasubiri."

Katikati ya hapo ile simu mpya ya dereva ikaita mfukoni. Alikuwa bosi. Dereva alinitazama kama vile mimi ndiye mwenye jibu.

"Pokea," wifi alisema. "Usidanganye."

"Umeshaifuta?" sauti ilisikika hadi kwangu.

"Niko kwa fundi, mzee."

"Mwambie afanye upesi."

"Nimemwambia. Anasema nisubiri."

Wifi akatia betri mpya, simu ikatulia. Tukahamisha picha na video kwenye simu mpya ya dereva na kwenye kompyuta yetu. Kisha akamkabidhi ile simu ya kampuni ndani ya bahasha. "Picha watasema umetengeneza. Hii yenyewe ndiyo shahidi. Usimpe bosi. Mpe mwenyekiti wa kikao mbele ya watu, ikiwa hivihivi, haijafutwa, haina mtandao. Na bosi akikuuliza leo, mwambie utaikabidhi kikaoni."

Siku ya tatu dereva alirudi. Bosi alikuwa ameshaisafisha simu yake, akakana kila kitu, hadi mwenyekiti alipofungua bahasha na kucheza ile sauti. Dereva amerudishwa kazini, na kampuni imebeba matibabu ya utingo. Alimshika wifi mkono kwa mikono yote miwili, akaondoka.

Wifi akabaki ameinama juu ya meza, akipanga bisibisi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Yako sikukuuliza," alisema.

"Wala mimi sikukwambia."

"Fundi nilikuwa mimi. Neno moja tu, na ungekuwa nazo." Akachukua bisibisi moja. "Sijawahi hata kuuliza alikuwa anaandika nini."

Sikuwa nimemwambia mtu. Nyingi zimenitoka, sitasema uongo, lakini ya mwisho ninayo neno kwa neno, na ndiyo iliyonifanya, miezi ile mitatu ilipokwisha, nibebe cherehani yangu nije kuiweka humu chumbani kwake.

"Aliandika, 'Dada yangu hana mtu mwingine. Usimwache peke yake.'"

Bisibisi ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni pangu. Nikaiokota, nikamrudishia.