Vivuli Vilivyoelekea Ziwani

Juzi, katika bweni la chuo kimoja hapa Rumonge, marafiki wawili walibishana mbele yangu juu ya chemshabongo kwenye simu. Ilikuwa picha ya wapagazi wa enzi za Wajerumani, wamejitwika mizigo ufukweni kwetu. Chini yake swali: asubuhi au jioni?

“Jioni,” alisema wa kwanza. “Wamechoka, wamefika.”

Mwenzake aliweka kidole kwenye picha. “Angalia vivuli, virefu, vinaelekea ziwani. Kwetu ziwa iko magharibi, basi jua iko mashariki. Iko asubuhi. Ndiyo kwanza wanaondoka.”

“Babu wa babu yangu alibeba hiyo mizigo, hakurudi. Nilitaka hawa wawe wamefika.”

“Nisamehe, ndugu yangu.”

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akiomba radhi kwa jibu sahihi.