Picha Tatu za Mwanamwema

Mwanamwema binti Ubwa hupamba maharusi. Wanawake wengi wa Mji Mkongwe wametoka mikononi mwake, hina haijakauka vizuri, wakaenda kuolewa. Yeye mwenyewe aliachwa na mumewe kwa ujumbe wa simu wa maneno manne, na hakuna aliyemwita mwanamume yule mbele ya wazee aulizwe.

Miaka minne baadaye alijiunga na programu ya kutafuta wachumba, akalipia usajili wa kila mwezi, akaweka picha tatu. Katika moja alikuwa chumbani kwake, nywele wazi. Hakumdhulumu mtu. Lakini katika mji wetu mwanamume akitangaza barazani kuwa anatafuta mke huombewa heri, na mwanamke akitafuta mume kimyakimya huitwa jina ambalo sitaliandika hapa.

Kisha Khatib, seremala wa Mtoni asiyejua lolote la programu hiyo, akamtuma shangazi yake na sinia la haluwa kuulizia uchumba. Posa ingeletwa Ijumaa, na wa kuipokea ni Abdulwahid, kaka yake Mwanamwema na walii wake wa ndoa, mtu mkali asiyependa fedheha. Mwanamwema akaiondoa programu kwenye simu, akashusha pumzi. Jumanne benki ikamjulisha kwamba kadi yake imekatwa tena ada ya programu.

Alikwenda Mkunazini kwa Faiza, fundi wa simu, kwa sababu ni mwanamke.

"Shikamoo, Bi Mwanamwema."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango kidogo." Akaeleza kwa sauti ya chini. "Nami nshaifuta!"

"Umefuta alama yake kwenye kioo tu, Bi. Usajili uko kwenye duka la programu, na wasifu wako uko kwa wenye programu. Hata ukifuta akaunti yao sasa hivi, kadi itaendelea kukatwa. Tunaanza na usajili."

Faiza akafungua duka la programu, akagusa alama ya akaunti, akaingia kwenye malipo na usajili, akachagua kughairi. Duka likauliza sababu.

"Mwambie naolewa," alisema Mwanamwema, na wote wawili wakacheka.

Kisha wakairudisha programu, wakaingia kwa namba yake ya simu. Faiza alimtaka aziondoe picha kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya moja, ndipo afute akaunti. Hapo ndipo hasira inapomshika mtu mwadilifu: neno la kujificha kwa muda liliandikwa kubwa kwa rangi ya kupendeza, na la kufuta akaunti limebanwa chini kabisa, jembamba, kama linaona haya. Kuingia kulikuwa kwa mguso mmoja. Kutoka kulidai maswali matano.

"Sasa zimekwisha?"

"Hazionekani tena kwa watu. Kampuni inaweza kubaki na taarifa kwa muda, masharti yao yanasema. Na aliyekwisha kuzinakili, hatuna la kumfanya. Sasa tutazame hifadhi ya picha ya simu yako." Faiza akakisogeza kioo karibu na macho. "Bi, hii barua pepe ya Abdulwahid ni ya nani?"

"Ya kaka yangu," alisema Mwanamwema. Simu alinunuliwa na kaka yake, na dukani, kama wafanyavyo kwa wanawake wengi wa hapa, waliingiza barua pepe ya mwanamume aliyelipa. Risiti zote zilikwenda kwake. Picha zote zilijihifadhi kwake. Hata taarifa ya kughairi, dakika ishirini zilizopita, ilikwishafika kwake.

Wakazifuta picha kwenye hifadhi, wakamwaga na kapu la vilivyofutwa. Faiza akamfungulia akaunti mpya, kwa jina lake mwenyewe, na nywila anayoijua yeye peke yake. Mwanamwema alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Alasiri ile Abdulwahid alikuja nyumbani kwake Malindi. Alikaa, akaipokea kahawa, akaizungusha kikombeni bila kuinywa.

"Zile picha zimeondoka kwenye simu yangu leo," alisema.

Mwanamwema aliliweka birika chini.

"Nliziona tangu kabla ya Ramadhani. Na risiti."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini, dada? Mimi nimeoa mara tatu, na hapana aliyeniuliza mke nimempata wapi." Akanywa kahawa yote kwa mara moja. "Ile ya nywele wazi nliifunika kwa kiganja, nikapita. Khatib anajua?"

"Hajui. Nitamwambia mwenyewe, kabla ya Ijumaa."

"Mwambie. Akikataa kwa hilo, mimi ndiye nitakayemrudishia shangazi yake sinia."

Alipokwenda zake, Mwanamwema alichukua simu, akampigia Khatib.