Karatasi ya Tatu Ukutani

Mwalimu mkuu wetu pale Chake Chake alipenda maneno mazuri kama wengine wanavyopenda halua. Miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru, watu waliposusiana mpaka mazikoni kwa ajili ya vyama, alituhubiria upendo kila asubuhi, na yeye mwenyewe haitikii salamu ya mzee wa chama kingine.

Aliposikia mkaguzi anakuja, aliniagiza niandae somo la huruma katika dini mbalimbali. Nikabandika karatasi tatu ukutani. Moja ilikuwa ya hadithi ya Mtume, kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe. Ya pili ilitoka Injili: watendee watu unavyotaka wakutendee. Ya tatu ililetwa na binti wa muuza vitambaa, Mhindu pekee darasani, neno alilofundishwa na bibi yake: usimfanyie mwenzio ambalo wewe lingekuchukiza.

Watoto walikaa kwa makundi kujadili. Ipi inaamrisha kutenda, ipi inakataza? Nani anahesabiwa kuwa mwenzio? Wakaona upesi kwamba zote zinampima mwingine kwa nafsi yako, ila ya tatu inazuia, na mbili zinasukuma. Juu ya neno "ndugu" walibishana sana: wengine walisema ni Muislamu tu, wengine kila mwanadamu. Nikawaambia hata mashehe wamelieleza kwa njia zote mbili.

Msichana mmoja wa kijiji cha Wambaa akasema yeye anapenda pweza, basi atamletea yule Mhindu.

"Mimi sili pweza," binti akajibu taratibu. "Ungeniuliza kwanza."

Darasa likakubaliana kwamba kujipima peke yake hakutoshi, lazima umuulize mwenzio. Sijafundisha somo zuri kuliko lile.

Siku ya ukaguzi nilikuta karatasi ya tatu imebanduliwa. Mkuu akaninong'oneza kwamba hataki kuonekana anafundisha ibada ya masanamu. Alikuwa amejipaka mafuta ya uturi tele.

Mkaguzi akauliza watoto wamejifunza nini. Msichana wa Wambaa akasimama.

"Zilikuwa tatu, bwana. Ya mwenzetu imetolewa. Hatujui kama aliulizwa."

Mkuu akacheka kicheko cha koo, akasema karatasi ilianguka kwa upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Mkaguzi akatazama madirisha, akatazama saa, akaandika kwamba somo ni zuri.

Mwaka haukwisha, mkuu akapandishwa cheo akapelekwa Unguja, na kwenye kuagana alihutubia tena juu ya kupendana. Sikupiga makofi. Karatasi niliibandika upya siku ile ile ya ukaguzi, baada ya kumuuliza yule binti mwenyewe. Alisema niiweke chini kidogo, wadogo nao waione.