Kistari Kilichofutwa kwa Mate

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu, na kwa herufi nitakazozikosea. Huandika polepole, na neno nisiloliamini hulifuta mara kadhaa hata karatasi ikatoboka. Cheti nilicho nacho ni cha darasa la saba. Shule ya upili niliingia, nikafika kidato cha nne, lakini mtihani wenyewe sikuufanya. Sababu yake ni kistari kidogo kuliko ukucha, na kila nikikikumbuka hunijia ladha mbaya mdomoni.

Shule yetu ilikuwa ya harambee, nje kidogo ya mji wa Malindi. Kwetu ni bara ya Kilifi, kwa wakulima wa mihogo na minazi, kwa hiyo nilikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Muyeye. Binti yake tulikuwa darasa moja na dawati moja. Yeye alikuwa msemaji. Mimi nikiitwa jina tu masikio hupata moto.

Chumba kilichoitwa maabara kilikuwa na meza mbili, kabati lisilofungika, na chupa ya chura aliyegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji ya chupa ile yalikuwa yakivuja, na harufu yake iliingia hata kwenye mkate tuliobeba. Vyombo vya fizikia havikuwapo. Ndiyo maana mwalimu wetu mpya, mwaka ule wa kidato cha nne, alianza kitabu kwa mlango wake wa mwisho, ule wa viini vya atomu. Alisema mlango huo hautaki waya wala betri, unataka chaki tu.

Chaki ilikuwapo. Kifutio ndicho kilichokuwa kimepotea, na mwalimu hakutaka kuchafua leso yake. Alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, viatu vinang'aa. Akikosea herufi alitia kidole gumba chote mdomoni, akakitoa kikidondoka, akasugua ubao. Paliachwa doa jeusi linalong'aa, nalo likikauka liliota ukingo mweupe. Kisha kidole kile kile kilirudi mdomoni na chaki yake. Siku ya kwanza binti wa shangazi alininong'oneza kwamba huyu akimaliza muhula atakuwa ameshiba chokaa. Nilicheka, lakini macho niliyaondoa ubaoni.

Somo lenyewe nililipenda. Kila kiini huandikwa na namba mbili. Ya juu ni ya masi, yaani protoni na nutroni zote pamoja. Ya chini ni ya atomiki, yaani protoni peke yake, na hiyo ndiyo inayosema kitu hiki ni nani. Kiini kikirusha chembe ya alfa, alfa hiyo ina nne juu na mbili chini. Mwalimu akaandika radiamu, juu 226, chini 88. Imetoa alfa, imebaki nini? Tukapata juu 222, chini 86, nayo ni radoni. Akasema shika neno moja tu, utapita mtihani: kutoa. Umetoa nne, toa nne. Umetoa mbili, toa mbili.

Darasa zima likafurahi, maana kutoa tulikujua tangu darasa la kwanza. Neno lile lile tulilohesabia maembe, sasa linahesabu atomu.

Wiki iliyofuata akaja na beta. Alikuwa akinakili kutoka kitabuni, akaandika chembe ile kama ilivyochapwa: sifuri juu, na chini moja yenye kistari mbele yake. Mfano wake ulikuwa madini ya risasi, juu 214, chini 82. Akatwambia kutoa ni kutoa. Juu hakipungui kitu, 214 inabaki. Chini toa moja, inakuwa 81, nayo ni thaliamu. Halafu akarudi nyuma hatua moja aangalie kama pande mbili zinalingana, kama alivyotufundisha mwenyewe kwenye alfa. Hazikulingana. Kushoto 82. Kulia 81 na hasi moja, ambayo ni 80.

Akatazama kidogo. Kisha kidole kikaingia mdomoni, kikatoka, kikafuta kistari. Sasa kulia palikuwa na 81 na moja, jumla 82. Akasema hicho ni kistari tu cha wachapishaji, kama wanavyotia vistari kugawa maneno mwisho wa mstari, tusikinakili. Mahali kilipokuwa palimetameta kwa mate.

Kitabu cha fizikia kilikuwa kimoja kwa dawati. Jioni ile, tukiwa uani kwa shangazi, nilisoma ukurasa wenyewe neno kwa neno, kwa mwendo wangu wa kobe. Kilisema kwamba kwenye beta nutroni moja ndani ya kiini hugeuka protoni, na elektroni ikaruka nje. Basi protoni haipungui. Inaongezeka moja. Elektroni ina chaji hasi, ndiyo sababu ya kile kistari. Risasi ya 82 inakuwa bismuthi ya 83, kwa kuwa 83 na hasi moja ni 82. Nikamwonyesha binti wa shangazi. Akaelewa haraka kuliko mimi, akasema, "Kwa hiyo ametoa, na kimezidi. Mwana, neno letu limetusaliti."

Kisha akafunga kitabu, akaniambia nisije nikamwambia mwalimu.

Mtihani wa muhula wa kwanza ndio uliokuwa ukiamua nani aandikishwe kwa fizikia kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu hakutaka wa kumwangushia darasa. Shule yetu ilikuwa na masomo machache, na mtu akikosa fizikia hakutimiza idadi inayotakiwa apate cheti. Mimi nilikuwa nikitaka kusomea kazi ya kupiga picha za mifupa hospitalini. Bila cheti, hata fomu ya kuomba nisingepewa.

Swali lililobeba alama nyingi lilikuwa lile lile la risasi 214 na beta. Nikaandika 83. Karatasi ziliporudi nilikuwa na mkato mwekundu, na nilipungukiwa alama mbili kufikia kiwango cha kuandikishwa. Binti wa shangazi alikuwa ameandika 81. Alipata alama zote, na hakunitazama usoni.

Mwalimu aliniita ubaoni mbele ya darasa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichafua moyo zaidi. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayegawa sadaka. Alisema mimi ni mtoto mzuri, mtaratibu, na hataki kuniacha nje kwa swali moja. Nisahihishe tu hapa ubaoni, wenzangu waone, naye ataniongezea alama zangu.

Swali lilikuwa tayari limeandikwa. Beta ilikuwa na kistari chake, nadhani kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekizoea kutoka kitabuni.

"Futa hicho kwanza," akasema. "Halafu andika themanini na moja."

Nikatafuta cha kufutia.

"Kidole unacho. Mate ni maji tu, kijana."

Nyuma mtu akacheka, akasema huyo ulimi wenyewe huwa mkavu, atayapata wapi. Darasa likaangua kicheko. Ubao ulikuwa karibu na uso wangu. Niliona madoa ya mate yake ya siku zote, moja juu ya jingine, na nilijua nikisugua pale nitasugua mate yangu ndani ya yake. Lakini sikuwa naogopa mate peke yake. Nilijua nikishakifuta kile kistari kwa mkono wangu, sitakuwa tena na haki ya kusema kilikuwapo.

Kusema sikuweza. Nikachukua chaki, nikaandika chini yake zoezi jingine lililokuwa kwenye ukurasa ule ule wa kitabu, kwa mwendo wangu, namba moja baada ya nyingine. Kushoto bismuthi, juu 214, chini 83. Kulia poloniamu, juu 214, chini 84, na chembe isiyojulikana. Nikaitafuta kama tulivyofundishwa. Juu, 214 na nini zifike 214? Sifuri. Chini, 84 na nini zirudi 83? Nikaandika hasi moja. Kistari nikakikoleza.

Kicheko kiliisha. Nikageuka nikamwona mwalimu anasoma. Macho yake yalikwenda juu, yakashuka chini, yakarudi kwenye kistari, yakasimama. Nilimwona anaelewa. Sina shaka na hilo hata leo. Uso ulilegea kidogo, kama wa mtu aliyekumbuka jina alilolisahau, na kwa kitambo kile nilimpenda. Nilidhani yamekwisha.

Akatia kidole mdomoni. Akafuta zoezi langu lote, toka bismuthi mpaka chembe, taratibu, akirudi mdomoni kila kidole kilipokauka.

"Sikukuuliza hilo," akasema. "Kaa."

Fomu za kuandikishwa zilipelekwa wiki ile bila jina langu kwenye fizikia. Shangazi alikwenda kumwona, akamwamkia kwa heshima zote, akarudi ameambiwa kwamba mimi mjeuri. Shangazi aliniuliza nimemjibu nini mwalimu. Nikamwambia sikumjibu kitu, na ilikuwa kweli.

Nilibaki darasani siku chache, kwa kuwa karo ya muhula ilikuwa imeshalipwa. Ndipo nilipoona lile ambalo limenitoa hamu ya madarasa mpaka sasa. Mwalimu aliingia asubuhi, akaandika risasi 214, akaandika beta na kistari chake, akaandika 83. Hakusema alikosea. Alisema, kwa sauti ile ile ya upole, "Angalieni sana kistari hiki. Wengi huwa wanakisahau." Wanafunzi wakainamisha vichwa wakaandika. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza ile 81 imekwenda wapi. Binti wa shangazi alikata 81 yake kwa mstari mmoja, akaandika 83 juu yake, nadhifu, kwa rula.

Njiani kurudi Muyeye, tulipokaribia nyumbani, binti wa shangazi alinigeukia.

"Ungeandika tu," akasema. "Pale ubaoni. Themanini na moja ya siku moja."

"Na kidole?"

"Ungeosha."

Kesho yake sikwenda shule, wala siku zilizofuata, nikarudi bara kusaidia kilimo. Yeye alifanya mtihani akapita. Nilifurahi kwa ajili yake, na bado akinipa mkono siku za sikukuu mimi hutazama kwanza kidole gumba chake, bila kutaka.

Mtu hukosea, hata kitabu hukosea. Mate hukauka. Ninachokiona kichafu ni kule kuelewa, halafu ukafuta.

Nawaomba nyinyi mnaosoma mniandikie. Kama nawe ulifundishwa kwamba kutoa ni kutoa, niambie beta yako uliiandika vipi, na kama yupo mwalimu aliyewahi kusimama ubaoni akasema nilikosea. Andikeni hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, na nitajibu.