Beseni la Mafua

Mama Bandeji alistaafu uuguzi wa wodi ya walioungua, lakini ukali hakuustaafu. Alipomkuta mkwewe amemfunika mjukuu blanketi juu ya beseni la maji ya moto, alinyakua beseni akayamwaga maji uani.

"Mvuke hautibu mafua! Unaunguza tu."

Akamlambisha mtoto kijiko cha asali. "Hii hupunguza kikohozi. Huyu ana miaka minne. Asiyetimiza mwaka usithubutu kumpa, itamletea ugonjwa mbaya."

"Na tangawizi na limau?"

"Chai yake inaliwaza koo, basi. Mafua yataondoka yenyewe."

Mkwe akanuna. "Lakini mama, sote tumekuzwa na mvuke."

Mama Bandeji alishusha kola, kovu likaonekana kutoka shingoni hadi begani.

"Hata mimi."