Barua ya Kuondoa Malalamiko

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto wanne. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, tulipohamishwa kutoka mashambani kwetu tukapangwa kwenye mistari kando ya barabara ya Handeni. Kisomo cha watu wazima kilikuwa alasiri, katika darasa lilelile nililosomea mimi asubuhi, na mama alikaa kwenye dawati langu, magoti yakigonga mbao, akifuata maneno kwa kidole na kuyatamka kwa sauti. Husoma hivyo hadi leo. Kijijini tuliahidiwa bomba la maji, zahanati na trekta. Zahanati ilikuja. Bomba lilikuja nikiwa nimeshaolewa. Trekta bado tunaisubiri, na sijawahi kumsikia mama akilalamika.

Mimi sikurithi uvumilivu huo. Nimefundisha shule za msingi miaka zaidi ya thelathini, na mtoto aliyechelewa kuleta daftari alinijua. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo kwamba siku niliyotakiwa kuwa mkali, nilikuwa laini kama uji.

Mama alipooza upande wa kushoto miaka miwili iliyopita. Nilimchukua nikae naye hapa Handeni mjini. Ni mwanamke mzito, nami mgongo wangu si wa kubeba mtu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari, na zaidi ya mlango hakuenda popote. Alichoomba kilikuwa kimoja: swala ya Idi. Alitaka akae uwanjani na wanawake wenzake, asikie takbira akiwa katikati yao, si kwa mbali kupitia dirishani. Viti vya magurudumu vya hospitali vina magurudumu membamba, vinazama kwenye mchanga wetu. Nikaona kwenye simu duka la Dar es Salaam linalouza kiti cha magurudumu mapana, cha njia mbovu. Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Nikalipa kwa kadi yangu ya benki, pesa ya kiinua mgongo iliyokuwa imebaki. Ujumbe ukaja papo hapo: oda imepokelewa, mzigo utafika ndani ya siku kumi na nne.

Mama akaanza kushona mto wa kukalia. Kwa mkono mmoja! Kitambaa alikibana chini ya paja, akachoma sindano kwa mkono wa kulia, akajaza sufi tuliyoletewa na ndugu zetu wa Mpale. Siku kumi na nne zilipita, mto ukawa tayari, kiti hakikuja.

Nilipiga simu. Yule muuzaji alikuwa na sauti ya adabu, shikamoo mama, za nyumbani, mzigo umekwama bandarini, wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine. Katikati ya Shaabani nikapanda gari kwenda Korogwe, kwenye tawi la benki yangu.

Aliyenihudumia ni dada mmoja wa dawati la wateja, mwenye umri wa binti yangu wa mwisho, mtaratibu, asiyeinua sauti. Alinieleza kwamba malipo ya kadi ya mtandaoni yana njia ya kudaiwa nyuma, wao huiita chajibeki. Benki yangu hupeleka malalamiko kupitia mtandao wa kadi hadi benki ya muuzaji, pesa hukatwa kwake, naye hupewa nafasi ya kujibu.

"Hujachelewa, mwalimu," alisema. "Mzigo usipofika, una siku mia na ishirini, zinahesabiwa kuanzia siku ulipotakiwa kufika. Si siku uliyolipa. Sasa nionyeshe ulivyomdai."

"Nimempigia simu mara nyingi, hata hesabu sina."

"Simu haina ushahidi. Unayo maandishi?"

Sikuwa nayo. Kwetu mtu ukimdai unamtafuta umsikie sauti, kumwandikia ni kama umeshamshitaki. Yule dada hakunicheka. Alinielekeza nimwandikie muuzaji ujumbe siku ileile, nitaje namba ya oda, tarehe aliyoahidi, na kwamba sasa sitaki kiti, nataka pesa yangu. Nimpe siku chache ajibu. Kisha nirudi na karatasi: ile taarifa ya oda, tangazo la kiti lenye siku za kufikisha, taarifa ya akaunti inayoonyesha makato, ujumbe wetu wote, na barua yangu ya kuthibitisha kwamba sijapokea kitu.

Nikaandika. Akajibu kwa neno lilelile, wiki ijayo. Nikaenda steshenari, wakanichapia vyote kutoka kwenye simu, nikarudi Korogwe na bahasha. Yule dada alizipitia karatasi moja moja, akabandika kwenye fomu, nikasaini.

"Muuzaji ana kama siku thelathini za kujibu," alisema. "Asipojibu, au akikosa uthibitisho kwamba mzigo ulikufikia, pesa inarudi kwako. Kwa kawaida inachukua siku arobaini na tano mpaka tisini. Akibisha, zaidi ya hapo."

Nilihesabu kwa vidole: haiwahi Idi. Lakini ikirudi, ningetafuta kiti kwingine, na Idi ya kuchinja nayo ni Idi. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi. Najua sasa kwamba ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya wepesi.

Tumo katika kumi la kwanza la Ramadhani, muuzaji akapiga simu mwenyewe. Nilikuwa nakatakata mihogo ya kufuturu, mikono imejaa maji, nikaweka simu kwenye spika. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yangu.

"Mama yangu, nimekosa," alisema. "Benki wamenikata, duka limesimama. Kiti chako kiko hapa mbele yangu, nakigusa. Nina funga, mama, naapa kwa Mwenyezi Mungu. Ondoa malalamiko leo, kesho nakipakia kwenye basi. Idi itamkuta bibi amekikalia."

Nilimwambia apakie kwanza, mengine baadaye. Akaanza kulia. Mwanaume mzima, analia na funga mdomoni. Mama akainua ule mkono wake mzima.

"Mwanangu, mtu ameapa mwezi mtukufu," alisema. "Msamehe, tusije tukabeba sisi dhambi yake."

Ningeweza kukataa. Nimewahi kumkatalia mkaguzi wa shule akiwa na barua ya wizara mkononi. Lakini mama hajawahi kuniomba jambo la ukali, na nilichoka kuonekana mimi ndiye mwenye moyo mgumu nyumbani. Kesho yake nikaenda Korogwe.

Yule dada wa benki aliposikia, aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, samahani nikwambie. Ukiondoa, pesa inarudi kwake na muamala huu hauwezi kulalamikiwa tena. Mwache alete kwanza. Kiti kikifika, barua ya kuondoa unaiandika siku hiyohiyo, haina haraka."

Alisema kweli tupu. Nami nikamjibu maneno ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze: "Nyie watoto wa siku hizi mnamwona kila mtu mwizi." Nikaandika barua kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Nikasaini. Wakanipigia nakala, nikaikunja ndani ya pochi.

Jioni muuzaji alituma namba ya mzigo na jina la basi. Kesho yake nilikuwa stendi ya Korogwe, kwenye ofisi ya vifurushi. Karani alipekua daftari lake mara mbili kwa heshima ya uzee wangu. Namba ile haikuwa yao. Nilipiga simu nikiwa nimesimama pale kati ya magunia na vitanda vya mbao. Haikupatikana. Haijapatikana hadi leo. Polisi walinisikiliza, wakaandika maelezo yangu, wakanipa karatasi yenye namba ya taarifa, nikaitia kwenye pochi nyuma ya ile barua.

Nilirudi kwa yule dada. Hakusema nilikwambia. Afadhali angesema. Aliandika makao makuu akaomba jalada lifunguliwe, akaeleza jinsi nilivyolaghaiwa. Zilibaki zaidi ya siku hamsini katika zile mia na ishirini, nilikuwa nimezihesabu, nikadhani zitaniokoa. Jibu lilikuja siku tatu kabla ya Idi. Siku zilikuwepo, malalamiko hayakuwepo. Mwenye kadi aliyaondoa mwenyewe, kwa maandishi, na jambo limefungwa.

Nilifika nyumbani, mama akaniuliza kama kila siku. "Kiti?"

"Kiko Korogwe," nikasema. Maneno yalitoka yenyewe. Nilishindwa kumwambia kwamba msamaha aliouomba ndio uliokila kiti chake. Nikaongeza: "Wanakikagua. Watakitoa baada ya sikukuu."

Akasema alhamdulillahi. Akauliza kina rangi gani. Nikamwambia bluu.

Asubuhi ya Idi nilimwogesha, nikamvika kanga mpya, nikamburuta kwa mkeka hadi mlangoni kama kila Idi. Safari hii alitaka kukaa juu ya ule mto wa sufi. Watu walipita wakienda uwanjani, wakisimama kumwamkia, na kila aliyemwambia shikamoo bibi alijibiwa marahaba, kiti changu kimeshafika Korogwe. Wakasema hongera. Wengine walinipongeza mimi, mtoto mwema. Nikaitikia. Sijui nilipata wapi uso wa kuitikia.

Watu waliporudi kutoka swala, akaingia jirani yetu mwenye duka la mbolea, kanzu imenyooka, amebeba sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa.

"Bibi, nimesikia habari ya kiti," alisema. "Kesho napeleka pikapu Korogwe kuchukua mzigo wangu. Kwa nini usubiri? Nipeni karatasi yake, jioni utakuwa umekikalia, na Ijumaa mimi mwenyewe nakusukuma msikitini."

Nilisema karatasi siioni. Nikasema benki wamebaki nayo. Nilisema vitu viwili kwa pumzi moja, na mama akageuza kichwa akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wangu.

"Karatasi za kiti zote ziko kwenye pochi lake," alimwambia jirani. "Mwanangu, niletee."

Nilileta pochi. Sikuwa na nguvu tena za kuongeza uongo juu ya uongo. Akaingiza mkono wake mmoja, akatoa karatasi ya juu, akaikunjua juu ya goti. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, polepole, kama zamani kwenye dawati langu: "Mimi, mwenye kadi, naondoa malalamiko yangu, kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu."

Alisoma hadi kwenye saini, akatoa na iliyokuwa nyuma yake, ile ya polisi, akaisoma nayo hadi mwisho; karatasi ya basi haikuwemo. Kisha akazikunja, akazirudisha ndani ya pochi, akashindwa kufunga zipu kwa mkono mmoja, nikamfungia.

"Baba, usijisumbue kesho," alimwambia jirani. "Hakuna cha kuchukua."

Jirani alipoondoka, mama akautoa mto chini yake, akaniomba niuweke mahali ambapo hatauona.