Magunia Yaliyoishia Debe la Tisa

Nilikuwa karani wa stoo katika bekari moja ya Tunduma, enzi za Mwingereza, na kazi hiyo nilitafutiwa na shemeji yangu. Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, na ndiye aliyekuwa mwokaji. Ufundi aliupata kwenye majiko ya migodini huko Rhodesia ya Kaskazini, akarudi nao nyumbani pamoja na koti zuri na kikohozi. Mwenye bekari, Mhindi mmoja mpole aliyezaliwa Tukuyu, tuliyemwita Bwana, alipotaka mtu anayejua hesabu na kuandika, shemeji alinitaja mimi. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nina hati nzuri, na sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kupalilia ulezi wa mama.

Kazi yangu ilikuwa karatasi moja. Kila asubuhi niliandika unga na sukari niliyotoa stoo. Kila jioni niliandika mikate na keki zilizouzwa, zilizobaki rafuni na zilizoungua. Katikati palikuwa na safu ya kile ambacho unga ule ulipaswa kutoa. Gunia moja la ratili mia mbili, ambalo ndilo la mikate ya kila siku, lilitakiwa kutoa mikate mia mbili na themanini, ya ratili moja moja. Unga ratili kumi na sukari ratili tano zilitakiwa kutoa keki ndogo mia mbili. Safu ya mwisho iliitwa tofauti. Karibu mwaka mzima haikuzidi mikate mitatu au minne kwa siku, na Bwana alikuwa akiipitisha macho tu na kutia herufi za jina lake chini.

Kisha ikaja shehena mpya ya unga kwa lori, na tangu tulipofungua gunia la kwanza tofauti ikawa mikate ishirini na minane. Kesho yake ishirini na saba. Keshokutwa ishirini na minane tena. Tulikuwa tunapeleka mikate kwenye kambi ya watengeneza barabara, na mapatano yalikuwa idadi kamili kila siku. Kwa hiyo upungufu wote ulionekana dukani, ambako watu waliofika saa nne walikuta rafu tupu.

Shemeji aliniambia juma lile lile la kwanza. Alikuja mlangoni mwa stoo, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, akasema gunia linamwishia kwenye debe la tisa badala ya la kumi. Yeye hakuwa na mizani ya kupimia gunia. Alimimina unga kwenye sanduku la kukandia kwa debe, na gunia zima siku zote lilikuwa madebe kumi. Nilimjibu kwamba huenda anashindilia unga kwenye debe. Alinitazama kidogo, akarudi kazini. Jibu lile nimelikumbuka kuliko maneno mengine yote niliyowahi kusema maishani.

Juma la pili Bwana aliniita. Karatasi zilikuwa mezani, amezipanga kwa siku. Aliuliza kwa sauti ya chini unga unakwenda wapi. Nikasema sijui. Akasema watu wanaogusa unga kabla haujawa mkate ni wawili tu, mimi na mwokaji, na wawili hao ni ndugu. Alinipa hadi Jumamosi ya juma lililofuata. Ikifika siku hiyo bila maelezo, angeita polisi, na wao wangeamua ni nani kati yetu.

Wizi wa mtumishi kwa tajiri wake ulikuwa jela, hilo kila mtu alilijua. Dada alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya kuzika watoto wawili. Shemeji akifungwa, ningebaki na macho gani ya kumtazama dada? Na nikifungwa mimi, mama angekula nini?

Siku iliyofuata nilifanya upumbavu. Katika safu ya mikate iliyoungua niliandika ishirini na minane, tofauti ikawa sifuri. Nilisahau, kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, kwamba mkate ulioungua haukutupwa mpaka Bwana auone kwa macho yake. Jioni alikuja akaomba aonyeshwe. Kreti ilikuwa na mikate miwili. Hakunigombeza. Alikata mstari juu ya namba yangu, akaandika mbili, akasema, "Sasa najua unamficha mtu."

Hakuna aliyesema jina la mtu huyo. Lakini kuanzia saa ile, na hili ndilo la aibu, nami nikaanza kuamini kwamba yupo.

Nilianza kumchunguza shemeji. Nilihesabu mara anazotoka nje. Nilitazama mfuko wa koti lake. Nilijiuliza kwa nini alikuja kuniambia habari za debe la tisa, nikajijibu kwamba mwizi mwerevu hutangulia kulalamika. Siku ya Alhamisi, wakati yeye yuko kwenye tanuri na dada amekwenda mtoni, niliingia nyumbani kwao. Nilifunua vyungu. Nilitia mkono kwenye kapu la unga hadi chini kabisa, nikautoa umejaa vumbi jekundu la ulezi. Niliinua hata mkeka wa kitandani. Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, maji yanamtiririka shavuni.

Alishusha ndoo polepole kwa sababu ya tumbo. Akauliza natafuta nini. Akaangalia mkono wangu, akaangalia kapu.

"Unga mweupe umeukuta?" aliniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi toka, mdogo wangu. Nikae."

Nilirudi stoo nikaketi juu ya magunia. Nilitaka kulia lakini kilio hakikuja. Zilibaki siku mbili. Nilichukua karatasi zote za juma la tatu pamoja na zile za nyuma, nikazitandaza sakafuni. Si kwamba nilikuwa na wazo lolote, bali sikuwa na kingine cha kushika. Nilizisoma kama mtu anayesoma barua ya msiba akitumaini kwamba ameielewa vibaya.

Hapo ndipo nilipoziona keki. Tangu shehena ile ije, keki hazikupungua hata siku moja. Mia mbili, mia mbili, mia moja na tisini na nane. Unga ni ule ule, mikono ni ile ile. Kama shemeji alikuwa mwizi, kwa nini aibe unga wa mkate tu na kuuacha wa keki, ambao angeuficha kwa urahisi zaidi? Nikajiuliza tofauti yake ni nini, na jibu likanipiga kifuani. Unga wa keki nilikuwa naupima mimi mwenyewe, ratili kwa ratili, kwenye mizani ndogo ya mezani. Unga wa mkate niliutoa kwa gunia zima, nikaandika mia mbili kwa sababu gunia lilikuwa limeandikwa mia mbili.

Nilikimbia kwenye chumba cha kukandia. Nilimwuliza shemeji sukari ya mikate anaipimaje. Alijibu bila kunitazama kwamba kila debe la unga hupata kikombe kimoja cha sukari. Nilikuwa nampa ratili nne kwa kila gunia, yaani vikombe kumi. Nikamwuliza kile kinachobaki huwa anakipeleka wapi. Akanyoosha kidole kwenye bati lililokuwa juu ya rafu. Nililishusha, nikalipima palepale kwa kikombe chake. Vilikuwa vikombe kumi na sita. Tulikuwa tumekwisha kufungua magunia kumi na sita ya mkate kutoka shehena ile. Kila siku kikombe kimoja kilibaki kwa sababu kila siku debe moja la unga halikufika, na sukari ile mtu huyu aliyeitwa mwizi hakuilamba hata kidogo.

"Shemeji," nilisema, "gunia lilikuwa linaishia la tisa."

"Nilikuambia," akasema, akaendelea kukata donge.

Nilikwenda kwa Bwana mchana huo huo, nikiwa najua ninakwenda kujishtaki. Nilimwomba mizani kubwa ya kununulia mahindi. Tuliweka gunia ambalo halijafunguliwa. Mizani ilisema ratili mia moja themanini na moja, pamoja na gunia lenyewe. Tukaweka la pili, mia moja themanini. Tulipima yote tisa yaliyobaki, na hakuna lililofika mia themanini na tatu. Bwana aliinama akashika mdomo wa gunia moja. Mshono wa kiwandani ulikuwa wa mashine, uzi mwembamba. Huu ulikuwa umeshonwa kwa mkono, kwa katani. Mahali fulani njiani yalikuwa yamefunguliwa, yakapunguzwa, yakafungwa. Nilikuwa nimeyapita kila asubuhi kwa majuma matatu bila kuutazama mshono.

Bwana akauliza nani alitia sahihi kuyapokea.

"Mimi."

"Uliyapima?"

"Sikuyapima."

Mwenye lori, tulivyokuja kujua baadaye, alikana kila kitu akaonyesha sahihi yangu, na hakuna aliyeweza kumfanya lolote. Bwana alininyang'anya funguo za stoo siku ile ile. Nilidhani nimekwisha kufukuzwa. Shemeji ndiye aliyekuja, akafuta mikono kwenye aproni, akamwambia Bwana kwamba anahitaji mtu wa kukanda na kwamba mimi nina mikono. Hakuniangalia alipokuwa akisema. Nilikanda donge miezi minne chini ya amri yake, na katika miezi hiyo hakuniambia neno lisilohusu kazi.

Polisi hawakuitwa. Lakini habari za wizi zilikuwa zimekwisha kutembea Tunduma yote, na habari za mizani hazikutembea hivyo. Kanisani watu walisogea kidogo shemeji alipokaa. Mwanamke mmoja dukani alimwambia dada, akicheka, kwamba mtoto wake atazaliwa mweupe kwa unga. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Nilikwenda kumwona na kuku mkononi. Dada alinipokea vizuri, akasema mbele ya mama kwamba amenisamehe, nami naamini alisema kweli.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, shemeji aliomba hesabu yake akaondoka kurudi migodini. Dada alimsihi asiende, kikohozi chake kilikuwa hakijapona. Alimjibu kwamba mahali alipoitwa mwizi hawezi kula mkate wa hapo. Mimi nilimbebea sanduku hadi mpakani. Upepo ulikuwa mkali, alikuwa amevaa lile koti lake. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi njia nzima, na njia nzima nilishindwa. Lori la wafanyakazi lilipowashwa ndipo niliposema. Sijui kama alinisikia kwa kelele za injini. Alipokea sanduku, akaniambia nimchotee dada yangu maji mpaka mtoto aote meno, akapanda.

Nilichota maji. Alituma barua mbili na blanketi. Barua ya tatu iliandikwa kwa hati ya mtu mwingine, kutoka hospitali ya mgodi, na mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, kwa sababu ndani ya nyumba ile mimi ndiye niliyejua kusoma.